Mwongozo kamili kwa mwenyekiti: kueleza kwa dakika tatu yaliyojadiliwa kikao kilichopita

Wenyeviti wengi wa vyama vya msingi vya ushirika, hapa Mtwara na kule Lindi, wanakwama mahali pamoja. Kikao kinafunguliwa saa nne. Mwenyekiti anasema "tukumbushane kidogo tulipoishia", na saa tano na nusu bodi bado inabishana juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa mwezi uliopita. Ajenda zenyewe zinaguswa jioni, wakati nusu ya wajumbe wanatazama boda boda ya kurudia nyumbani.

Chanzo mara nyingi ni kwamba mwenyekiti anachanganya kazi tatu. Kuna kuwakumbusha wajumbe kilichojadiliwa, kuna kuthibitisha muhtasari, na kuna yatokanayo. Mwongozo huu unahusu ya kwanza peke yake: maneno mafupi unayoyasema kwa mdomo wako, yaliyotoka kwenye muhtasari ulioandikwa, kabla katibu hajaanza kuusoma. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni wa kubuni. Ni bodi ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho katika kata moja ya Tandahimba, iliyokutana tarehe 14 Mei 2025 na inayokutana tena tarehe 18 Juni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Muhtasari wa kikao kilichopita, nakala yako mwenyewe ambayo unaweza kuichorachora. Usitumie nakala ya kwenye faili la chama.
- Ajenda ya kikao kinachokuja.
- Kalamu na karatasi moja, upande mmoja tu. Ukihitaji upande wa pili, maelezo yamekuwa marefu.
- Saa, au simu yenye kipima muda.
- Kama katibu alirekodi kikao kwa simu, rekodi hiyo ya sauti, kwa ajili ya kuhakiki tarakimu tu.

Muhtasari uwe mkononi mwako siku tatu kabla ya kikao. Ukiletewa asubuhi ileile, huna muda wa kuusoma, na utaishia kusema unayoyakumbuka. Unayoyakumbuka wewe na yaliyoandikwa ni vitu viwili tofauti, na mjumbe mwenye nakala ataona tofauti hiyo kabla hujamaliza sentensi.

## Hatua ya 1: Soma na kutia alama

Soma muhtasari wote mara moja, kalamu mkononi, na kila aya uitie alama moja kati ya hizi. Weka A pale kikao kilipoamua. Weka K pale mtu alipopewa kazi. Weka W pale jambo lilipojadiliwa likabaki wazi. Aya isiyostahili alama yoyote, kama salamu, udhuru wa wajumbe au taarifa iliyotolewa tu, iache ilivyo.

Hapa angalia vitenzi alivyotumia katibu, maana ndivyo vinavyokuongoza. "Kikao kiliazimia" ni uamuzi. "Kikao kiliagiza" ni kazi, na lazima pawe na mhusika. "Kikao kilipokea taarifa" maana yake taarifa ilisomwa na kusikilizwa. Haina maana kwamba bodi iliikubali. Mwenyekiti akisema "tulikubaliana na taarifa ya mapato" wakati muhtasari unasema ilipokelewa, ameipa bodi uamuzi ambao haikuufanya. Mhasibu wa chama anaweza kuja kuushika huo uamuzi siku ya ukaguzi.

Katika mfano wetu, muhtasari wa tarehe 14 Mei una kurasa sita. Baada ya kutia alama, mwenyekiti anabaki na mambo matatu:

Aya 5.3 (A na K): paa la ghala linavuja upande wa mashariki. Kikao kiliazimia zinunuliwe bati 18 za geji 28 kwa gharama isiyozidi shilingi 600,000, na mhasibu alete ankara kifani kutoka maduka matatu.

Aya 5.4 (K): katibu aiandikie ofisi ya Wakala wa Vipimo kuomba mizani ya chama ihakikiwe kabla ya mwisho wa Agosti, ili korosho zitakapoanza kupokelewa pasiwe na manung'uniko ya kilo.

Aya 5.5 (W): ugawaji wa salfa. Wajumbe walitofautiana juu ya namna ya kutangaza orodha ya wakulima. Jambo liliahirishwa hadi kikao kijacho, na katibu akaagizwa kuleta orodha iliyopangwa kwa vitongoji.

Utajua umefaulu ukiwa na mambo yasiyozidi manne au matano. Ukiwa na tisa, kuna taarifa umezipa alama ambayo hazistahili.

## Hatua ya 2: Andika kila jambo kwa mpangilio mmoja

Kila jambo lipate sentensi moja au mbili, kwa mpangilio huu: jambo lenyewe, kilichoamuliwa, nani amepewa, mpaka lini. Mpangilio usibadilike kutoka jambo moja hadi jingine. Wajumbe wanasikiliza kwa masikio, hawana karatasi yako, na mpangilio usiobadilika unawasaidia kujua wasubiri nini baada ya nini.

Tarakimu zitaje jinsi zilivyoandikwa. Shilingi 600,000 ni "isiyozidi laki sita", siyo "kama laki sita hivi". Neno "isiyozidi" ndilo lililokuwa ukomo, na ukiliacha umeondoa ukomo ambao bodi iliuweka.

Kama una shaka na tarakimu, sikiliza rekodi ya simu sehemu hiyo tu. Ukikuta rekodi inasema bati 16 na muhtasari unasema 18, usijirekebishie kimyakimya kwenye karatasi yako. Mpigie katibu na mwambie aje na sahihisho hilo kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari. Wewe ukisema 16 na katibu akasoma 18 dakika tano baadaye, wajumbe wataacha kuwaamini wote wawili.

Onyo: usiandike jambo lililotokea baada ya kikao. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Mwenyekiti anasema: "Tuliazimia kununua bati, lakini mpaka leo mhasibu hajaleta hata ankara moja." Nusu ya kwanza ni kumbukumbu, nusu ya pili ni yatokanayo. Mhasibu bado hajapewa nafasi ya kueleza. Pengine ankara ziko kwenye mkoba wake, mbili za Tandahimba mjini na moja ya Mtwara. Umemshitaki kabla ya ajenda yake kufika, naye hatanyamaza. Hapo ndipo kikao kinapoharibika. Ishia kwenye kilichoandikwa tarehe 14 Mei. Kilichofanyika kati ya hapo na leo kina nafasi yake.

## Hatua ya 3: Jambo lililobishaniwa

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayohitaji muda wako mwingi kuliko nyingine zote. Maamuzi hujieleza yenyewe. Mabishano yanamtegemea anayeyasimulia.

Tazama suala la salfa. Kwenye muhtasari kuna hoja mbili. Upande mmoja ulitaka majina yasomwe hadharani kwenye kila kitongoji kabla mifuko haijagawiwa, kwa sababu yapo majina ya marehemu na ya watu waliouza mashamba yao, na majirani ndio wanaowajua. Upande wa pili ulitaka orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chama, kwa sababu kuzunguka vitongoji vyote kunachukua siku nyingi, na salfa iliyochelewa haina kazi ubwiri unga ukishashambulia maua ya mkorosho.

Hoja zote mbili ni za watu wenye akili. Sasa soma namna tatu za kuzisimulia.

*"Kuhusu salfa, baadhi ya wajumbe walitaka kutuchelewesha kwa kuzunguka vitongojini."* Hapa mwenyekiti ameshachagua upande. Neno "kutuchelewesha" halimo kwenye hoja ya wale waliolitaka zoezi; wao walisema kuhakiki. Umeisimulia hoja yao kwa mdomo wa wapinzani wao.

*"Kuhusu salfa, Mzee fulani alisema hivi, na mjumbe fulani akamjibu vile."* Hapa umetaja majina. Wajumbe hao wawili watajibizana tena, safari hii kila mmoja akitetea heshima yake. Hoja itasahaulika.

*"Kuhusu salfa, kulikuwa na mawazo mawili. Wazo la kwanza ni kusoma majina hadharani kila kitongoji, ili majirani wasaidie kuhakiki. Wazo la pili ni kubandika orodha ofisini, ili salfa iwahi maua. Hatukuamua. Katibu aliagizwa kuleta orodha kwa vitongoji, na leo suala hili lipo ajenda namba sita."* Hii ndiyo.

Angalia ilivyojengwa. Kila wazo limepewa sentensi moja na sababu moja, iliyo ile ya wenye wazo wenyewe. Sentensi zinakaribiana urefu. Wazo moja likipata maneno arobaini na jingine kumi, wajumbe wanasikia upendeleo hata kama hukuukusudia. Kisha limefuata neno fupi "hatukuamua", na mwisho wajumbe wameelekezwa ajenda ambayo mjadala utafanyikia. Mjumbe mwenye hamu ya kusema amepewa pa kusemea, kwa hiyo ana sababu ya kusubiri.

Jipime hivi: mtu wa upande wa kwanza akisikia sentensi yako juu ya wazo lake, atatikisa kichwa kukubali? Na wa upande wa pili je? Kama mmoja wao atasema "mimi sikusema hivyo", andika upya.

Na kama wewe mwenyewe ulikuwa upande mmoja wa ubishi ule, mwachie makamu mwenyekiti alieleze jambo hilo moja. Tangaza wazi: "La salfa atalieleza makamu, kwa kuwa mimi nilichangia." Hakuna mjumbe atakayekudharau kwa hilo. Lakini ukilieleza mwenyewe, hata ukilieleza kwa haki kabisa, wapo watakaokusikiliza wakitafuta mahali ulipopinda.

## Hatua ya 4: Soma kwa sauti, katibu akiwepo

Siku moja kabla, au hata nusu saa kabla ya kikao, kaa na katibu na umsomee karatasi yako kwa sauti huku yeye akifuata kwenye muhtasari. Kazi yake ni moja: kukusimamisha kila unaposema kitu kisichoandikwa. Mwambie asikuonee haya. Makatibu wengi ni vijana, na kumkatiza mwenyekiti aliye na umri wa baba yake ni jambo zito kwake. Bila ruhusa yako ya wazi atanyamaza, na kosa utakwenda nalo kikaoni.

Washa kipima muda. Karatasi yenye maneno kati ya mia mbili na mia tatu, ikisomwa kwa utulivu, inachukua dakika mbili hadi tatu. Ikizidi hapo usiongeze kasi, punguza jambo. Kinachoondoka kwanza ni kazi ndogo ambayo mhusika wake anaikumbuka vizuri na ataitolea taarifa kwenye yatokanayo.

## Hatua ya 5: Kusema kikaoni

Kwanza hakikisha akidi imetimia kwa mujibu wa masharti ya chama chenu. Ukianza kukumbusha huku wajumbe wanaingia mmoja mmoja, utalazimika kurudia kila anapofika mtu, na wa mwisho ataomba uanze upya. Kama akidi bado, salimianeni, subirini.

Kikao kikishafunguliwa na ajenda kukubaliwa, ndipo useme. Haya ndiyo maneno kamili ya mfano wetu:

> Ndugu wajumbe, kabla katibu hajatusomea muhtasari, naomba dakika tatu niwakumbushe yaliyoandikwa katika kikao chetu cha tarehe 14 Mei. Nitataja mambo matatu tu. Naomba tusiyajadili sasa, kila moja lina mahali pake kwenye ajenda ya leo.
>
> La kwanza ni ghala. Paa linavuja upande wa mashariki. Tuliazimia zinunuliwe bati 18 za geji 28, kwa gharama isiyozidi shilingi laki sita. Mhasibu aliagizwa kuleta ankara kifani kutoka maduka matatu. Taarifa yake ipo kwenye yatokanayo.
>
> La pili ni mizani. Katibu aliagizwa kuiandikia ofisi ya Wakala wa Vipimo, mizani yetu ihakikiwe kabla ya mwisho wa Agosti. Nalo lipo kwenye yatokanayo.
>
> La tatu ni salfa. Kulikuwa na mawazo mawili. Wazo la kwanza ni kusoma majina hadharani kila kitongoji, ili majirani wasaidie kuhakiki. Wazo la pili ni kubandika orodha ofisini, ili salfa iwahi maua. Hatukuamua. Katibu aliagizwa kuleta orodha kwa vitongoji, na suala lipo ajenda namba sita.
>
> Hayo ni kwa kadiri yalivyoandikwa kwenye rasimu. Sasa namkaribisha katibu asome muhtasari. Mwenye sahihisho alishike, tutayapokea akimaliza.

Sentensi inayoanza na "Hayo ni kwa kadiri" ina uzito. Muhtasari ambao haujathibitishwa bado ni rasimu, na ulichosimulia kimetoka kwenye rasimu. Ukisema hivyo waziwazi, sahihisho likija halitaonekana kuwa limekuumbua.

Mvua ikiwa inapiga kwenye bati za ofisi, simama usemapo na taja namba ya jambo mara mbili. Baada ya kila jambo nyamaza kidogo ili waandikao waandike. Usiinue macho kumtazama mhasibu unapotaja kazi yake. Jicho la mwenyekiti linasomwa kama swali, naye ataanza kujibu.

## Hatua ya 6: Mjumbe akikatiza

Atakatiza tu, hasa mara za mwanzo, kabla bodi haijazoea utaratibu. Kuna aina mbili za kukatiza na kila moja ina jibu lake.

Anayesema "mwenyekiti, hapo sivyo tulivyosema" analeta sahihisho. Usibishane naye, na usimkubalie papo hapo, kwa kuwa si wewe unayesahihisha muhtasari, ni kikao. Mjibu: "Ahsante mama, andika hilo, utalileta tukifika kuthibitisha." Kisha muone katibu akiliandika. Tukifika huko na umsahau, safari ijayo hatakubali kusubiri.

Anayesema "lakini mimi bado naona majina yasomwe" anafungua mjadala. Huyu mwelekeze kwa namba: "Ajenda namba sita, mzee, utakuwa msemaji wa kwanza." Ahadi ya kuwa wa kwanza inatuliza kuliko kugonga meza. Lakini uitimize. Jina lake liandike pembeni ya karatasi yako hapohapo.

Wakikatiza watatu kwenye jambo moja, acha kulieleza na nenda la mbele. Ni dalili kwamba sentensi zako juu ya jambo hilo zimeegemea upande, au muhtasari wenyewe una kasoro, na yote mawili yatarekebishwa kwenye uthibitisho.

Utajua umefaulu kwa dalili ambazo utaziona palepale. Katibu anaanza kusoma bila mtu kunyoosha mkono. Masahihisho yanayokuja ni ya jina, tarehe au tarakimu, siyo ya "hatukukubaliana hivyo". Mjumbe ambaye hakuhudhuria tarehe 14 Mei hamuulizi jirani yake kwa kunong'ona. Na mkifika ajenda ya sita, msemaji wa kwanza anaanza na hoja yake moja kwa moja, bila kusimulia upya kilichotokea mwezi uliopita.

## Kama hukuwepo kikao kilichopita

Hutokea. Makamu ndiye aliyeongoza, wewe ulikuwa Masasi kwenye msiba. Usisimulie kama vile ulikuwepo. Badala ya "tuliazimia" sema "kikao kiliazimia", na utaje kuwa unasoma kutoka kwenye rasimu. Kwa jambo lililobishaniwa, mpe makamu alieleze yeye, maana swali la kwanza litakalokuja hutaweza kulijibu. Fanya Hatua ya 4 ukiwa nao wote wawili, katibu na makamu, na uwaulize swali moja zaidi: kuna jambo lililojadiliwa kwa muda mrefu ambalo humu halimo? Likiwepo, usiliingize kwenye maelezo yako. Mwombe makamu alilete kama sahihisho la muhtasari, kikao kiamue kama liingizwe.